Kusema na Asiyesikia Vizuri: Kukaa, Kwenda Polepole na Kubadili Maneno

Mada kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na wajumbe wa Haki na Amani, Mbulu na Hanang



Mada niliyopewa inaweza kuonekana ndogo mbele ya kikao kinachozoea kuzungumzia mashamba, mirathi na mahari. Lakini naomba mfikiri juu ya tendo moja tunaloliona katika vikao hivyo hivyo, nalo ni kutikisa kichwa. Mzee ambaye usikivu wake umefifia anaulizwa jambo mbele ya watu. Hakusikia vizuri, lakini anaona nyuso zote zimemgeukia, anaona mwenyekiti ana haraka, na anakumbuka kwamba mara ya mwisho aliposema "Unasemaje?" watu walicheka. Basi anatikisa kichwa. Kichwa kikishatikiswa, katibu anaandika: "Amekubali." Tangu hapo shamba, ng'ombe au nyumba imekwisha kuamuliwa, na mwenye mali hajui kilichoamuliwa.

Wengi wetu tunaamini kwamba dawa ya hali hiyo ni kupaza sauti. Nitajitahidi kuonyesha kwa nini sivyo, na nini kifanyike badala yake. Sisemi habari za ndugu zetu waliozaliwa viziwi, ambao wana lugha yao ya alama na wanahitaji mkalimani anayeijua. Nasema juu ya mtu aliyesikia na kusema maisha yake yote, kisha masikio yakaanza kumwacha: kwa uzee, kwa miaka mingi kwenye mashine ya kusaga, au juu ya trekta na kombaini katika mashamba ya ngano ya Basotu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba, katika watu waliozidi umri wa miaka 60, zaidi ya mmoja kati ya wanne ana upungufu wa kusikia unaomzuia katika maisha yake. Hesabuni wazee wa jumuiya yenu, mtaona kwamba hatuzungumzii watu wa mbali.

Sikio linapoteza nini

Mzee wa namna hiyo husema mara nyingi: "Nakusikia, lakini sielewi unachosema." Watu wa nyumbani hudhani anajitetea, au kwamba anasikia anapotaka tu. Kumbe amesema kweli tupu.

Usikivu unaofifia kwa uzee au kwa kelele za mashine haupungui sawasawa kama taa inayopunguzwa utambi. Zinazotoweka kwanza ni sauti nyembamba, za juu. Sauti nene, za chini, zinabaki kwa muda mrefu. Sasa tazameni maneno yetu yalivyoundwa. Irabu, yaani a, e, i, o, u, ni sauti nene na zenye nguvu. Hizo mzee anazipata. Lakini s, sh, f, th, ch, t, k, p na h ni sauti nyembamba, nyingine ni pumzi tu. Hizo ndizo zinazomponyoka. Ukisema "shamba", kwake linaweza kufika "…amba" tu, naye anabaki kukisia kama ni shamba, kamba au mamba. Ukisema "pata", "kata", "taka" au "paka", yote manne yanamfikia kwa sura moja, a na a.

Ndiyo maana mzee huyo huyo anasikia ng'ombe akilia zizini, anasikia radi, anasikia hata mkizungumza chumba cha pili, lakini hajui mnasema nini.

Kiswahili kina mtego wake hapa, na mtego huo unaigusa haki moja kwa moja. Katika lugha yetu, kukanusha hukaa mwanzoni mwa kitenzi. "Atauza" na "hatauza" zimetofautiana kwa h peke yake, na h ni pumzi tupu, sauti dhaifu kuliko karibu zote. "Utahama" na "hutahama" ni vivyo hivyo. "Nitampa" na "sitampa" zimetenganishwa na n na s, na s ni katika zile zinazotoweka mapema. Tena mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mwanzo wa kitenzi, penye kukubali na kukataa, hutamkwa kwa wepesi. Kwa mtu asiyesikia vizuri, ahadi na katazo katika wakati ujao zinaweza kuwa neno moja. Katika nyakati nyingine hatari ni ndogo, kwa sababu kitenzi hubadilika sana: "aliuza" na "hakuuza", "ameuza" na "hajauza" hazichanganyiki kwa urahisi. Lakini mapatano yote huzungumzia wakati ujao.

Kwa nini kupaza sauti hakusaidii

Mtu anapopaza sauti, kinachokua ni irabu. Jaribuni nyumbani: pigeni kelele neno "sitakupa" kwa nguvu zote. Mtaona kwamba nguvu inakwenda kwenye a na u, lakini ile s haikui kiasi hicho, maana s haipigwi kelele. Ni hewa inayopita kwenye meno. Basi mzee anapata zaidi ya kile alichokuwa nacho, na kile alichokikosa anaendelea kukikosa. Tena irabu yenye kishindo huimeza konsonanti iliyo jirani nayo.

Jambo la pili ni kwamba sikio lililochakaa huwa na nafasi finyu kati ya sauti isiyosikika na sauti inayoumiza. Sauti ya kawaida haitoshi, na ukiongeza kidogo tu inakuwa kama nyundo. Ndiyo maana mzee anasema "Sema kwa nguvu," kisha dakika hiyo hiyo anasema "Usinifokee, mimi si kiziwi." Watu humcheka kwa kujipinga. Hajipingi. Sikio lake ndilo lilivyo.

La tatu, uso wa mtu anayepiga kelele huharibika. Kinywa kinapanuka kupita kiasi, paji linakunjamana, na midomo ambayo mzee alikuwa akiisoma haisomeki tena. Badala ya maneno anaona hasira.

La nne halihusu sikio. Ukimfokea mama mjane katika nyumba ya bati kuhusu deni lake, au kuhusu ugonjwa wa binti yake, kijiji kizima kimesikia isipokuwa yeye.

Kunong'ona nako hakufai, na kwa sababu iliyo kinyume: mnong'ono ni pumzi tu, hauna ile sauti nene ambayo angalau angeipata.

Mahali pa kukaa

Kwa maoni yangu, nusu ya kazi imekwisha kabla hujafungua kinywa, kama umekaa mahali panapofaa.

Kwanza sogea karibu. Mahali pa wazi, ukipunguza umbali kwa nusu, nguvu ya sauti inayofika sikioni huwa mara nne. Kutoka hatua nne hadi hatua mbili, kisha hadi moja, unapata kile ulichokuwa unakitafuta kwa kelele, bila kuharibu neno wala uso. Kiasi cha mita moja panatosha. Kuna wanaokwenda hadi kuweka mdomo sikioni. Hapo sauti inaongezeka kweli, lakini mzee haoni uso tena, kwa hiyo itumike kwa neno moja tu, siyo kwa mazungumzo.

Uso wako na uso wake viwe katika kimo kimoja. Akikaa kwenye kigoda, nawe keti. Uliza sikio lipi ni zima zaidi, ukae ukielekea upande huo kidogo, lakini bado akikuona mbele yake.

Kisha tazama nuru inatoka wapi. Nyumba zetu nyingi za zamani, hasa zile zilizochimbwa kwenye mteremko huko Mbulu juu, zina mlango mmoja na giza ndani. Mgeni huingia, hukaa karibu na mlango, na mwanga unakuwa mgongoni kwake. Mzee aliye ndani anaona kivuli chenye umbo la mtu, midomo haioni. Geuzeni mpango: mzee akae na mgongo kwenye mlango, mgeni akae ndani, nuru imwangukie usoni. Kama ni jioni, taa ishikwe upande wa msemaji, imulike uso wake, isimulike macho ya mzee.

Kusoma midomo si ufundi wa watu wachache. Sote tunaufanya bila kujua, na wanaopoteza usikivu huutegemea zaidi kila mwaka. Wakati wa UVIKO-19, mwaka 2020 na 2021, mahali palipovaliwa barakoa kama hospitalini, wako waliodhani kwamba masikio yao yameharibika ghafla. Masikio yalikuwa yale yale, ila midomo ilikuwa imefichwa. Sasa huku kwetu juu baridi ya Juni na Julai hutufundisha kujifunika blanketi au shuka hadi puani. Ukija kusema na mzee, teremsha shuka. Toa mkono kinywani. Acha kutafuna.

Midomo nayo haitoshi peke yake. "Mama", "baba" na "papa" zinaonekana sawasawa kabisa, kwa kuwa m, b na p hufungwa midomo kwa namna moja. Na k, g na h zinatamkwa nyuma, hazionekani kabisa. Lakini jicho na sikio hukamilishana kwa namna ya ajabu: f ni vigumu kuisikia, lakini inaonekana wazi kwenye meno na mdomo, m haitofautiki na b kwa macho, lakini sikio lililochakaa bado linaitambua. Mtu mwenye yote mawili, hata yakiwa pungufu, anaelewa mara nyingi zaidi kuliko mwenye moja.

Hapa nitaje shida moja ya adabu. Vijana wetu waliolelewa vizuri husema na wazee kwa sauti ya chini, macho yameelekea ardhini, pengine mkono karibu na mdomo. Ni heshima, na sitaki ipotee. Lakini kwa mzee asiyesikia, heshima hiyo inamnyima neno zima. Kijana asalimie kwa kuinama kama alivyofundishwa, aseme shikamoo, kisha ainue uso ndipo aanze habari.

Mwisho wa jambo hili ni kelele. Mvua juu ya bati hushinda sauti yoyote, subirini ipite. Redio izimwe. Watu wanne wakisema kwa pamoja, mzee hapati hata mmoja, kwa sababu sikio lililochoka haliwezi kuchagua sauti moja kati ya nyingi. Katika Injili ya Marko, sura ya saba, Bwana wetu alipoletewa mtu kiziwi, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumtenga na umati, akaenda naye kando. Na alitumia mikono yake kumwonyesha anachokusudia. Wahubiri wengi tunakimbilia muujiza tukiruka hatua hiyo.

Mwendo wa maneno

Kabla ya kusema, hakikisha amekuona. Usimwite kutoka nyuma. Pita mbele yake, au mguse bega taratibu, ungoje macho yake yafike kwako. Maneno yaliyosemwa kabla ya hapo yamepotea, na kwa kawaida ndiyo yenye kichwa cha habari.

Kisha sema polepole kidogo kuliko kawaida yako, kwa sauti ya kawaida au iliyoongezwa kidogo. Nasema kidogo kwa makusudi. Wako wanaosikia neno "polepole" wakaanza kukata silabi: "Ha – ta – ku – ja." Hilo ni baya karibu kama kufoka, kwa sababu mlio wa neno unavunjika na midomo inafanya miondoko ambayo mzee hajawahi kuiona katika maisha yake. Neno litamkwe zima. Mahali pa kupumzika ni kati ya fungu moja la maneno na jingine, si ndani ya neno.

Katika Kiswahili jambo hili ni muhimu kuliko katika lugha nyingine, kwa kuwa kitenzi chetu kimoja kinabeba mzigo wa sentensi nzima. "Hatukuwaambia" ni neno moja, lakini ndani yake mna kukana, mna sisi, mna wakati uliopita, mna wao, na mna kusema. Asiyesikia vizuri anahitaji muda wa kulifungua furushi hilo, naye analifungua huku akikisia herufi alizozikosa. Ukiendelea mbele bila kumngoja, analiacha la kwanza nusu na la pili hajalianza. Basi sema maneno matano au sita, nyamaza, tazama macho yake, kisha endelea.

Mtaje habari kabla ya kuiingia. "Sasa ni habari ya shamba." Anayejua kwamba ni habari ya shamba hatakisia kamba. Na mkibadili habari, semeni kwamba mmebadili.

Kusikiliza kwa namna hii kunachosha sana. Baada ya nusu saa hivi mzee ataanza kutazama kando au kutikisa kichwa kwa kila jambo. Huo ndio wakati wa kupumzika, na kwa jambo zito ni afadhali kupanga asubuhi kuliko jioni.

Kubadili maneno

Akisema "Unasemaje?", rudia mara moja, vile vile. Pengine alikuwa hajakutazama. Akikosa mara ya pili, usirudie tena. Neno lililoponyoka mara mbili litaponyoka mara ya tatu, kwa sababu herufi zilizokosekana ni zile zile. Tafuta neno jingine lenye maana hiyo hiyo lakini lenye sauti tofauti, ikiwezekana lililo refu kidogo, maana neno refu linatoa vidokezo vingi kuliko neno fupi. "Kesho" ikikataa, sema "siku ya Jumatano, baada ya leo." "Pesa" ikikataa, sema "malipo". "Fisi" ikikataa, sema "yule mnyama anayeiba mbuzi usiku."

Na kwa ule mtego wa "hatauza", msiubebe ukanushi kwa herufi moja. Semeni "ni marufuku kuuza", au "shamba linabaki mali yako". Neno "marufuku" linaanza kwa m, lina silabi nne, na hakuna neno jingine la vikao vyetu linalofanana nalo.

Tarehe, kiasi cha fedha na majina ya watu hayana maneno mengine ya kuyabadili. Hayo yaandikwe kwa herufi kubwa kwenye karatasi kwa anayesoma. Kwa asiyesoma, vidole vinatosha kwa hesabu, na mtu mwenye jina aguswe bega.

Kuna neno ambalo ningependa liondoke vinywani mwetu: "Basi, achana nalo." Mzee ameuliza, watu wamecheka jambo, na jibu analopewa ni kwamba halina maana. Limemwondoa kikaoni kwa adabu.

Na lugha. Anayekosa nusu ya sauti huijaza kutoka akilini, na akili hujaza vizuri zaidi katika lugha iliyoijua tangu utotoni. Bibi wa Kiiraqw anayeelewa Kiswahili bila shida alipokuwa na miaka 50 anaweza kushindwa akiwa na miaka 75, si kwa sababu amesahau Kiswahili, bali kwa sababu hawezi tena kukisia haraka kiasi hicho katika lugha ya pili. Vivyo hivyo kwa wazee wa Kibarabaig kule Hanang. Lugha ya nyumbani nayo ina sauti zake zinazoponyoka: ile sl ya mwanzo wa slee, ng'ombe, kwa Kiiraqw, ni pumzi inayopita ubavuni mwa ulimi, nayo huenda na zile nyembamba. Hata hivyo, ianzwe hiyo.

Kisa kimoja katika baraza

Sasa tuyaweke yote mahali pamoja. Kisa hiki nimekitunga, lakini nadhani kila sehemu yake mmeshaiona.

Baraza la ardhi la kijiji, ambalo kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 lina wajumbe saba na watatu kati yao ni wanawake, limekaa darasani kusuluhisha. Bibi mjane ana shamba la ekari mbili karibu na mto. Kijana, mtoto wa shemeji yake, amelima kupita uzio wa minyaa. Wazee wamepatana hivi: kijana alime sehemu ya chini kwa miaka mitatu, ampe bibi magunia mawili ya mahindi kila mavuno, asiiuze wala kuikodisha, kisha airudishe.

Mwenyekiti amesimama mbele ya dirisha. Bibi amekaa benchi la nyuma. Mwenyekiti anasema kwa sauti kubwa na kwa pumzi moja: "Bibi, tumekubaliana huyu atalima kule chini miaka mitatu, hatauza, na atakupa magunia mawili kila mavuno, sawa?" Bibi anatikisa kichwa. Kwa hesabu ya kawaida, kikao kimekwisha.

Turudie upya. Mjumbe mmoja, mwanamke, anamleta bibi mbele. Mwenyekiti anaondoka dirishani, anaketi mbele yake kwa umbali wa mita moja, uso kwenye mwanga. Anaomba watu wanyamaze. Anangoja macho.

"Bibi, sasa ni habari ya shamba."

"Kamba?"

Mwenyekiti harudii kwa kufoka. "Mahali unapolima mahindi. Kule mtoni."

"Aa, shamba. Ndiyo."

"Kijana huyu," na anamgusa bega, "anaomba kulima sehemu ya chini." Ananyamaza. "Miaka mitatu." Anaonyesha vidole vitatu. Kisha hasemi "Umesikia?" wala "Sawa?", kwa maana maswali hayo hujibiwa kwa kichwa. Anasema: "Bibi, tusimulie. Anaomba nini?"

"Anaomba alime kule chini, miaka mitatu."

"Vema. Shamba linabaki mali yako. Ni marufuku kuliuza. Je, kijana akimleta mnunuzi, utamwambia nini?"

"Nitamwambia aondoke. Shamba ni langu."

"Ndivyo. Na malipo: magunia mawili, kila mavuno. Tuambie malipo ni nini."

"Magunia mawili."

Hapo wengi wangefunga daftari. Mwenyekiti anauliza tena: "Mara ngapi?"

"Mara moja. Akimaliza kuvuna."

Kumbe "kila" ilianguka njiani, na bila swali lile magunia sita yangekuwa mawili. Mwenyekiti anahesabu kwa vidole: "Mwaka wa kwanza, mawili. Mwaka wa pili, mawili. Mwaka wa tatu, mawili. Jumla, sita."

Bibi anafikiri. Kisha anasema: "Mawili ni machache. Sehemu ile ya chini ndiyo yenye maji. Nataka matatu."

Kijana anaguna, wajumbe wanatazamana, na usuluhishi unaanza, maana mpaka dakika ile upande mmoja ulikuwa haujaingia. Zoezi lote limechukua pengine robo saa. Wanaolalamika kwamba ni muda mrefu walinganishe na miaka ya kesi inayozaliwa na kichwa kilichotikiswa bila kusikia.

Naongeza mambo mawili juu ya kisa hiki. Anayemrudilia bibi maneno, kama anahitajika, asiwe kijana yule wala mama yake wala mtu mwenye faida katika shauri, hata kama ndiye aliyezoea kusema naye nyumbani. Na ikibidi kwenda shambani kuona mpaka, kumbukeni kwamba bibi hawezi kutazama kidole na midomo kwa wakati mmoja. Onyesheni uzio kwanza, nyamazeni autazame, arudishe uso kwenu, ndipo mseme.

Mambo yasiyotengenezwa na maneno

Kabla ya kumhesabu mtu kuwa ni kiziwi wa uzee, apelekwe zahanati akatazamwe masikio. Mara nyingine ni nta iliyoziba, nayo huondolewa na mganga mwenye vifaa. Njiti, unyoya na mafuta ya moto vimeharibu ngoma za masikio za watu wengi. Usaha unaotoka sikioni ni ugonjwa wa kutibiwa kwa umri wowote. Usikivu uliopotea ghafla, kwa siku moja au mbili, hasa sikio moja, ni jambo la kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo, si mwezi ujao. Aliyewahi kuchomwa sindano za streptomaisini kwa kifua kikuu amwambie mganga, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kudhuru usikivu.

Kifaa cha kusikia, kwa anayekipata, ni msaada mkubwa, lakini hakirudishi sikio la ujana. Kinakuza sauti ya msemaji, na kinakuza pia viti vinavyoburutwa na watoto wanaolia. Mwenye kifaa bado anahitaji uso, nuru na mwendo wa polepole.

Vipaza sauti vya kanisani vina udhaifu huo huo. Katika kanisa lenye kuta tupu na bati, sauti inagonga na kurudi, na kila neno linaangukia juu ya lililotangulia. Kuongeza sauti kunaongeza mwangwi vile vile. Wazee hawa watengewe benchi la mbele, upande ambao wataona uso wa msomaji, si ubavu wake. Katekista anaweza kumwambia mzee tangu Jumamosi masomo yanahusu nini. Akijua habari, atafuata. Kwa kitubio, Sheria ya Kanisa inawaachia waamini uhuru wa kutumia au kutotumia kiti chenye wavu, na inaruhusu hata kuungama kwa njia ya mkalimani. Basi mzee asiyesikia asiachwe agombane na wavu na mnong'ono huku foleni nzima ikisikia. Amwombe padre siku nyingine, sakristia au chini ya mti mbali na watu, wakae uso kwa uso. Na viongozi wa jumuiya mnaweza kuomba kwa niaba yake kama anaona haya.

Nafasi ya maswali ipo. Tutafanya kwanza zoezi la "atauza" na "hatauza" wawili wawili, mmoja akiziba masikio kwa vidole, mwenzake akisema nje ya mlango, kisha ndani, kisha uso kwa uso.